Chumvi ile ile, sufuria mbili

Kila ninapofungua darasa jipya la upishi nasimama nyuma ya meza yenye majiko mawili, kibakuli cha chumvi kikiwa mbele yangu, na kusema maneno haya haya. Hayazidi dakika tatu.

"Karibuni. Mbele ya kila mmoja wenu kuna vijiko vidogo 10, kisahani na glasi ya maji. Vijiko hivyo si vya kulia, ni vya kuonjea, na darasa likiisha bado vikiwa visafi nitajua leo tumepoteza muda. Onjeni vitunguu vikishalainika. Onjeni nyanya zikiingia, halafu onjeni tena baada ya robo saa. Onjeni mchuzi kabla ya viazi, na baada ya viazi. Chakula kikiwa motoni kinageuka muda wote, na asiyeonja njiani hukutana na ladha yake mezani, wageni wameshanawa mikono. La pili: chumvi na viungo haviingii kwa mkupuo. Kila kinachoingia sufuriani kinaingia na chumvi yake kidogo. Msiniamini kwa maneno. Tutapika sufuria mbili za kitu kile kile, kwa chumvi ile ile kwa uzito, halafu mtaniambia nyinyi."

Hotuba inaishia hapo, na mara nyingi mkono wa kwanza unakuwa umeshapanda: "Mwalimu, kama chumvi ni ile ile, si nimwage yote mwishoni nionje mara moja tu? Kuna tofauti gani?" Swali zuri. Jibu lake huwa nalitoa vipande vipande nikiwa na mwiko mkononi. Hapa nalieleza kwa mfululizo.

Kila sufuria inapata gramu 800 za nyama isiyo na mfupa, gramu 600 za viazi, gramu 300 za vitunguu, gramu 400 za nyanya na maji kama mililita 700. Mvuke ukishachukua chake, sufuriani hubaki karibu kilo 2.4. Chumvi ni vijiko vitatu vya chai vya chumvi laini, vilivyosawazishwa kwa kisu, yaani gramu 18 hivi. Nasema chumvi laini kwa sababu ile ya mawe huacha nafasi nyingi kati ya punje, na kijiko kile kile kinaweza kubeba pungufu sana. Anayebadilisha chumvi bila kubadilisha kipimo hushangaa kwa nini mkono wake umeharibika ghafla. Gramu 18 kwenye kilo 2.4 ni kama gramu 7 na nusu kwa kila kilo, kiasi ambacho walaji wengi watasema kimekolea bila kuzidi.

Chumvi hiyo naipima mapema na kuiweka kwenye vibakuli viwili vinavyolingana, kimoja kwa kila sufuria. Kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuchota kwenye pakiti.

Sufuria ya kwanza huanza saa moja kabla ya moto. Nyama inakatwa, inapakwa kijiko kimoja cha chumvi kutoka kibakulini na kuachwa. Ukiitazama baada ya dakika 10 utaona imetoa jasho: vitone vya maji vimejaa juu, kwa sababu chumvi imeyavuta kutoka ndani. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote wa kuikaanga. Ikiingia kwenye mafuta ikiwa hivyo itachemka kwenye maji yake, itakuwa ya kijivu, na utaanza kulaumu jiko. Ukisubiri, yale maji huyeyusha chumvi na sehemu yake hurudi ndani ya nyama pamoja na chumvi hiyo. Kwa hiyo ama unaipaka saa moja mapema, ama unaipaka dakika ile ile unayoitupa kwenye mafuta. Iliyokaa nafuta unyevu uliobaki kwa kitambaa safi, naikaanga kwa mafungu mpaka ipate rangi ya kahawia, kisha naiweka pembeni.

Vitunguu vinaingia kwenye mafuta yale yale, na robo kijiko cha chumvi. Hapa nawaambia wanafunzi wafumbe macho wasikilize. Mwanzo mafuta yanalia kwa sauti nzito yenye maji, kwa sababu chumvi inafukuza unyevu kwenye vitunguu. Maji hayo yakiwapo, joto pale sufuriani halipandi sana juu ya nyuzi 100, na vitunguu vinalainika bila kubadilika rangi. Yakiisha, sauti inakuwa nyembamba na kavu, na ndipo rangi ya dhahabu inapoanza kuja, kwa sababu kahawia ile huhitaji joto la kama nyuzi 140 ili ijitokeze vizuri. Faida ya chumvi hapa ni kwamba vitunguu vinayeyuka na kuwa sehemu ya mchuzi. Hasara ni kwamba vinachelewa kupata rangi. Ukitaka vitunguu vya kahawia kwa haraka, vya kumwagia juu ya chakula, hapa usitie chumvi kabisa.

Nyanya zinafuata na nusu kijiko. Kabla hazijaingia, kila mmoja anaonja kipande kibichi kisicho na chumvi, kisha kingine chenye punje chache. Cha pili wengi wanakiita kitamu zaidi, ingawa hakuna sukari iliyoongezwa. Mwaka 1997 watafiti Breslin na Beauchamp walichapisha kwenye jarida la Nature jaribio linalofanana na hili. Walichanganya kitu kichungu na sukari, wakaongeza chumvi ya sodiamu. Uchungu ulishuka, na utamu uliokuwa umefunikwa na uchungu ukajitokeza. Ndiyo maana mpishi hutia chumvi hata kwenye keki. Chumvi ina ladha yake, lakini pia inazima kelele ili ladha nyingine zisikike.

Robo saa baadaye nyanya zimepondeka na mafuta yanaanza kujitenga pembeni. Tunaonja tena. Ukali wa mwanzo umepungua na utamu umepanda, na huu ndio wakati wa kujua kama nyanya zako leo ni kali au za kawaida. Ukilijua hili sasa, hutalitafuta mwishoni gizani.

Nyama inarudi na maji, moto unapungua, na tunaiacha ichemke taratibu kwa saa moja na zaidi kidogo. Inapokaribia kuiva, viazi vinaingia na robo tatu ya kijiko. Hesabu sasa: kimoja, robo, nusu, robo tatu. Vijiko viwili na nusu vimetumika. Nusu kijiko kimebaki kibakulini, na hakuna anayekigusa.

Sufuria ya pili inapikwa pembeni, hatua kwa hatua, moto ule ule, dakika zile zile, bila hata punje moja ya chumvi. Viazi vikishaiva namwaga kibakuli chote, gramu zote 18, nakoroga, nasubiri dakika mbili, nafunika. Ili ulinganisho uwe wa haki, kwenye bakuli la mfano la sufuria ya kwanza natia punje chache tu za ile nusu kijiko, kulingana na ukubwa wa bakuli, na iliyobaki naiacha kibakulini, si kwenye sufuria yenyewe. Sababu mtaiona.

Wanafunzi wanaonja mchuzi peke yake kwanza, na karibu wote wananyooshea kidole sufuria ya pili: "Hii umezidisha chumvi." Hapana, sikuzidisha. Nawaambia wakate kiazi katikati, waache ganda la nje, waonje kiini. Kiazi cha sufuria ya kwanza kimekolea mpaka ndani. Cha pili, nje kina chumvi ya mchuzi, ndani ni chapwa kabisa, kama kilichemshwa kwa maji matupu, maana ndivyo kilivyochemshwa. Nyama vivyo hivyo: unaitafuna, mara ya kwanza ina ladha ya mchuzi, ukifika katikati ya kutafuna ladha inakatika na unabaki na nyuzi mdomoni.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika kilo 2.4 zilizomo sufuriani, mchuzi wenyewe ni kama kilo moja na kidogo tu. Kinachobaki ni nyama na viazi. Ukimwaga gramu 18 mwishoni, hazipati muda wa kuingia kwenye viazi wala nyama, kwa hiyo karibu zote hujazana kwenye ile kilo moja ya mchuzi. Mchuzi unabeba karibu gramu 16 kwa kilo, mara mbili ya unachotaka, wakati vilivyozama ndani yake havina kitu. Ulimi unakutana na vyote viwili katika tonge moja: munyu na uchapwa. Mlaji hawezi kueleza kasoro ni nini. Atasema tu, "Kina chumvi, lakini hakina ladha."

Kinachokwamisha ni mwendo wa chumvi. Kwenye maji huyeyuka na kusambaa kwa sekunde chache, hasa ukikoroga. Ndani ya kiazi au nyama haina wa kuikoroga. Hujipenyeza yenyewe polepole, na umbali unaiumiza vibaya. Kipande chenye unene maradufu hakihitaji muda maradufu, kinahitaji kama mara nne. Kwa hiyo anayekata viazi vikubwa na kutia chumvi mwishoni amejifungia mlango mara mbili. Hapo pia kuna sehemu ya jibu la swali ambalo kila mtu huniuliza, kwa nini mchuzi wa jana ni mtamu kuliko wa leo. Usiku kucha chumvi imepata muda iliokosa jikoni. Huwa naweka bakuli la sufuria ya pili kwenye friji na kuwaonjesha siku inayofuata, na malalamiko yanapungua sana, ingawa hayaishi.

Niwe mkweli kuhusu mipaka ya jambo hili, maana kuna walimu wanaolisema kama mwujiza. Kama unapika supu nyepesi iliyochujwa, isiyo na vipande, wakati wa kutia chumvi hauna uzito mkubwa, kwa sababu hakuna pa kupenya. Ukitia mwishoni imetosha. Kukoleza kwa tabaka kunafanya kazi pale chakula kina vitu vizima vyenye ndani na nje.

Viungo navyo huingia kwa tabaka, ila kwa sababu nyingine. Harufu ya bizari, ya pilipili manga, ya karafuu, imebebwa na vitu vinavyoyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Bizari ya kusaga ukiinyunyiza kwenye mchuzi unaochemka itaelea, itakuwa na ladha ya vumbi. Ukiitia kwenye mafuta ya vitunguu na kukoroga kwa nusu dakika, mafuta yanaibeba harufu na kuisambaza kila mahali. Nusu dakika, si zaidi, kwani viungo vya kusaga vinaungua upesi kuliko unavyoweza kutafuta mwiko. Utajua kwa pua: harufu inapanda, inajaa chumba, halafu ghafla inakuwa kali ya kuchoma koo. Ikifika hapo imeshakuwa chungu, na sufuria hiyo hutaiokoa kwa sukari. Vitunguu saumu vilivyopondwa vina tabia hiyo hiyo.

Lakini harufu ni kitu kinachoruka. Ile unayoisikia jikoni kwa saa nzima ni ile inayotoka sufuriani, haitarudi. Kwa hiyo sehemu ya viungo naiweka akiba. Ya kwanza inakwenda kwenye mafuta na kuwa msingi, imetulia, imepikika. Kidogo cha mwisho, pilipili manga iliyosagwa wakati huo huo au majani mabichi yaliyokatwa, kinaingia moto ukishazimwa, na ndicho kinachokutana na pua kwanza. Ukitumia vyote mwanzoni chakula kinakuwa kizito na cha zamani. Ukitumia vyote mwishoni kinakuwa na harufu juu na utupu chini.

Uchachu ndio pekee ninaouweka mwishoni karibu kila mara. Asidi huimarisha kile kinachoshikilia viazi na maharagwe visisambaratike, ndiyo maana kiazi ndani ya mchuzi wa nyanya kinachelewa kuiva kuliko kiazi cha maji matupu. Ukikamulia ndimu mapema, viazi vinaweza kukaa saa nzima vikiwa na moyo mgumu huku wewe ukiongeza kuni.

Sasa kuonja kwenyewe, maana watu wengi hudhani wanaonja kumbe wanaunguza ulimi. Chota kwa kijiko cha sufuria, mimina kwenye kisahani, subiri ipoe mpaka iwe vuguvugu, kisha tumia kijiko chako. Kijiko kilichoingia mdomoni hakirudi sufuriani. Kuna usafi hapo, lakini hata ladha inadai hivyo, kwa sababu mchuzi unaochemka unaufanya ulimi usikie moto tu, na kwa dakika kadhaa baadaye hausikii kitu. Usionje mchuzi peke yake. Weka na kipande cha kiazi, kwa sababu mlaji atakula vyote pamoja. Kati ya mionjo kunywa maji. Ulimi huzoea chumvi haraka, na aliyeonja mara tano mfululizo bila maji ataendelea kuongeza chumvi akidhani haijakolea. Nyama isiyoiva haionjwi, wala maharagwe mekundu mabichi au yaliyoiva nusu, ambayo yana sumu inayoondolewa kwa kuchemshwa sawasawa. Kama unataka kujua chumvi ya nyama ya kusaga kabla ya kuifinyanga, kaanga donge dogo, onja hilo.

Na uonje ukijua unakotaka kufika, kwa sababu chumvi haivukizwi. Hili nilijifunza kwa aibu. Miaka kadhaa iliyopita nilipikia sherehe, nikachemsha lita mbili za mchuzi na kuzikoleza kwa gramu 16 za chumvi. Nilionja, ulikuwa sawasawa, gramu 8 kwa lita. Kisha nikaona ni mwepesi nikauacha ukauke huku nikihangaika na mambo mengine. Nilipourudia ulikuwa lita moja. Maji yalikuwa yameondoka, gramu 16 zote ziko pale pale, na mchuzi ulikuwa haunyweki. Mtu mmoja jikoni akatupia kiazi kizima akisema kitanyonya chumvi. Kiazi hunyonya maji yenye chumvi, kinaondoka na vyote viwili kwa pamoja, na mchuzi unaobaki una ukali ule ule. Kilichoniokoa ni maji ya moto na mchuzi mwingine usio na chumvi, yaani nilirudi lita mbili nilipoanzia. Tangu hapo, chochote kitakachokauka nakionja kikiwa chapwa kidogo kwa makusudi.

Turudi kwenye ile nusu kijiko, ambayo wanafunzi wameikodolea macho muda wote. Sufuria ya kwanza iko tayari, viazi vimeiva, na tukionja inakosa kitu. Kila mtu anasema chumvi. Hapo natoa vikombe vitatu, nachota mchuzi na kipande cha kiazi katika kila kimoja. Cha kwanza nakiacha kama kilivyo. Cha pili kinapata punje chache kutoka kibakulini. Cha tatu sikitii chumvi, nakikamulia matone mawili ya ndimu. Wanaonja kwa zamu, maji katikati, bila mimi kusema kipi ni kipi.

Darasa la mwisho walikuwa 11. Wanane walichagua kikombe cha tatu na kusisitiza kwamba hicho ndicho nilichotia chumvi. Tukakamulia nusu ndimu kwenye sufuria, tukaonja, tukaongeza robo kijiko kutoka kibakulini, tukaonja tena, na pale wakanizuia mkono wenyewe. Robo nyingine ilibaki kibakulini. Mwanafunzi aliyeuliza swali mwanzoni aliifunga kwenye kikaratasi akaondoka nayo.